Siku 10 za arifa ya kupinga zinaanza lini, na kesi inaonekana wapi

*"Wakili, video yangu ya kufundisha kutengeneza kamera iliondolewa YouTube kwa madai ya hakimiliki, ingawa nimeirekodi mwenyewe. Nilituma arifa ya kupinga Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025. Jumanne tarehe 18 wakaniandikia kwamba wameipeleka kwa mlalamikaji na nisubiri siku 10 za kazi. Kwa hesabu yangu zimeisha jana, tarehe 27, na video haijarudi. Je, nimeshindwa? Na hiyo kesi naangalia wapi imefikia hatua gani? Naishi nje ya Marekani."*

Hujashindwa, na siku zako hazijaisha. Umeanza kuhesabu siku uliyotuma, wakati YouTube inaanza kuhesabu siku ilipoipeleka arifa yako kwa mlalamikaji. Halafu siku zenyewe ni za kazi kwa kalenda ya Marekani, na katikati ya hesabu yako imeingia sikukuu ambayo pengine hukuifikiria.

Tuhesabu pamoja. Arifa ilipelekwa Jumanne tarehe 18, kwa hiyo siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 19. Alhamisi na Ijumaa zinakufikisha tatu. Jumamosi na Jumapili unaziruka. Jumatatu tarehe 24, Jumanne 25 na Jumatano 26 zinakuwa sita. Alhamisi tarehe 27 ni Siku ya Shukrani, sikukuu ya serikali kuu ya Marekani, nayo haihesabiwi. Ijumaa tarehe 28 ofisi nyingi za huko hufunga, lakini si sikukuu ya serikali kuu, hivyo inahesabiwa na inakuwa ya saba. Jumatatu tarehe 1 Desemba ni ya nane, Jumanne ya tisa, na Jumatano tarehe 3 Desemba ndiyo ya kumi. Leo uko siku ya saba. Kama saa za kwako zinatangulia za Marekani, basi hata tarehe 3 ikiisha kwako, kule bado ni mchana wa kazi.

Sasa, hizo siku 10 ni za nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani kuna mtu YouTube ameketi na video mbili mbele yake anaamua nani mwenye haki. Hakuna. Utaratibu huu umetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, kifungu cha 512. Mtu akilalamika kwa kufuata masharti, jukwaa linaondoa kazi. Mwenye kazi akipinga kwa kufuata masharti, jukwaa linampelekea mlalamikaji nakala ya pingamizi na kumwambia kwamba kazi itarudishwa, isipokuwa kama atakwenda mahakamani kwanza. Siku 10 ni nafasi ya mlalamikaji kufungua kesi dhidi yako. Asipofungua, jukwaa linarudisha video bila kusema nani alikuwa na haki. Jukwaa linakubali kufanya hivyo kwa sababu sheria inalikinga: likifuata hatua hizi, wewe huwezi kulidai kwa kuiondoa video, naye hawezi kulidai kwa kuirudisha.

Sheria yenyewe haisemi siku 10 kamili. Inasema kazi irudishwe baada ya siku zisizopungua 10 na zisizozidi 14 za kazi tangu jukwaa lilipopokea arifa ya kupinga. Ukihesabu hivyo kuanzia tarehe 13 yako, ukaruka wikendi na ile Alhamisi ya sikukuu, siku ya 10 ni tarehe 28 Novemba na ya 14 ni Alhamisi tarehe 4 Desemba. Unaona kwamba tarehe 3 ya hesabu ya YouTube inaangukia ndani ya dirisha hilo. Ndiyo maana nakushauri usitegemee saa maalumu. Weka akilini kwamba jambo hili linamalizika kati ya tarehe 3 na siku chache zinazofuata.

Wewe umeshavuka kizingiti kimoja ambacho kinawakwamisha wengi, nacho ni zile siku kati ya tarehe 13 na 18. Kabla ya kuipeleka arifa kwa mlalamikaji, YouTube huisoma kuona kama imekamilika na kama sababu zake zinaeleweka. Isipotosheka, hujibu ikitaka maelezo zaidi au huikataa, na hapo hakuna siku hata moja iliyoanza kuhesabiwa. Nimewaona watu wakisubiri wiki nne na kumbe ombi la maelezo zaidi limelala kwenye folda ya barua taka. Barua ya kwanza unayopata baada ya kutuma inathibitisha tu kwamba imepokelewa. Inayoanzisha saa ni ile inayosema arifa imepelekwa kwa mlalamikaji. Wewe unayo, na tarehe yake ndiyo mwanzo wako, kwa hiyo usiifute.

Kwa atakayesoma jibu hili kabla ya kutuma, tofauti huwa kwenye kisanduku cha maelezo. Anayeandika "video ni yangu, naomba mrudishe" anakataliwa au anatakiwa maelezo zaidi. Anayeandika hivi anasikilizwa: "Nilirekodi video hii mwenyewe, na faili ghafi za kamera ninazo. Mlalamikaji anataja sehemu ya dakika ya 3 hadi ya 5. Sehemu hiyo inaonyesha mikono yangu nikifungua lenzi kwenye meza yangu. Niliipakia kabla ya video anayoitaja kuwekwa kwenye chaneli yake." Fomu pia inadai jina lako halisi, anwani na simu, pamoja na tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba unaamini kwa nia njema kuwa kazi iliondolewa kimakosa. Taarifa hizo zote anapelekewa mlalamikaji. Asiyetaka anwani yake ya nyumbani ifike huko anaweza kumtumia wakili amjazie.

Tuje kwenye swali la pili. Neno "kesi" hapa linabeba mambo mawili, na kila moja linaonekana mahali pake.

La kwanza ni jalada la YouTube. Fungua `YouTube Studio` kwenye kompyuta, maana kwenye simu baadhi ya maelezo hufichika. Upande wa kushoto bonyeza `Content`. Juu ya orodha ya video kuna mstari wa kichujio, chagua `Copyright` ili zibaki video zenye suala la hakimiliki tu. Tafuta safu iitwayo `Restrictions`. Kwenye mstari wa video yako utaona neno `Copyright`. Usilibonyeze haraka, peleka tu kishale juu yake usubiri, kitatokea kidirisha kidogo chenye `See details`. Hapo sasa bonyeza. Ukurasa unaofunguka unaonyesha nani amelalamika, kazi gani anadai ni yake, na hatua iliyofikiwa na pingamizi lako. Kama kiolesura chako kiko katika lugha nyingine, maneno hayo yatakuwa yametafsiriwa, lakini mpangilio ni uleule.

Nadhani umeishia kwenye ile orodha, ukaona neno `Copyright` bado liko palepale, ukahitimisha kwamba hakuna kilichobadilika. Neno hilo linabaki hadi suala lifungwe. Hatua ya pingamizi haiko kwenye orodha, iko ndani ya ukurasa wa maelezo. Onyo la hakimiliki kwenye chaneli nalo usilitumie kama kipimo, maana linakaa muda wote wa kusubiri na linaondolewa pamoja na kurudishwa kwa video. Jambo moja la kukutuliza: chaneli haifungwi kwa sababu ya onyo ambalo arifa yake ya kupinga bado haijaamuliwa.

Ndani ya ukurasa huo mambo yanaweza kuisha kwa njia tatu. Mlalamikaji anaweza kunyamaza, na muda ukipita video inarudi. Anaweza kuondoa malalamiko yake mwenyewe, na hilo likitokea huna haja ya kungoja siku 10 ziishe. Au anaweza kuwasilisha ushahidi kwamba amefungua kesi, na hapo video inabaki chini mpaka kesi hiyo iishe au mahakama iseme vingine. Katika hali zote tatu utapata barua pepe kwenye anwani ya akaunti. Kwa uzoefu wangu barua hutangulia macho ya mtu, kwa hiyo soma barua kwanza kabla ya kuanza kuburuza kurasa.

Ushahidi huo una masharti, na ni vizuri uyajue kwa sababu katika siku hizi unaweza kupokea vitisho. Inatakiwa iwe kesi iliyokwisha kufunguliwa, inayokutaja wewe uliyepakia, inayotaja video husika, na inayoiomba mahakama ikuzuie kuendelea na kile anachokiita ukiukaji. Barua ya wakili inayosema "tunakusudia kuchukua hatua" haisimamishi saa. Wala barua pepe ya mlalamikaji inayokudai pesa ili "ayamalize". Ukizipata, zihifadhi, usijibu kwa hasira, na kama zinadai kiasi kikubwa mpe wakili azisome. Zenyewe peke yake hazibadilishi chochote kwenye jalada la YouTube.

Jambo la pili ni kesi ya mahakamani, kama itakuwepo. Studio haitakuonyesha imefikia wapi. Itakwambia tu kwamba mlalamikaji ameleta ushahidi, basi. Mahakama za serikali kuu ya Marekani zina mfumo wao wa majalada uitwao PACER, kwenye `pacer.uscourts.gov`, na mtu yeyote anaweza kufungua akaunti hata akiwa nje ya nchi hiyo. Tumia sehemu inayoitwa `PACER Case Locator`, ambayo hutafuta katika mahakama zote za serikali kuu kwa pamoja na hupokea taarifa mpya kila usiku. Tafuta kwa jina lako halisi kama ulivyoliandika kwenye fomu, kisha kwa jina la mlalamikaji. Jina la chaneli pekee halitoshi. Gharama ni senti 10 za dola kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na matumizi yako yakiwa dola 30 au chini katika robo ya mwaka hutozwi kitu. Kwa utafutaji wa mara mojamoja, kwa kawaida hulipi.

Kwa kuwa unaishi nje ya Marekani, ulipojaza fomu ulikubali mamlaka ya mahakama ya wilaya ya serikali kuu ya mahali YouTube ilipo, yaani Wilaya ya Kaskazini ya California. Anza kuangalia huko, ila usiishie huko. Namba ya kesi itakuwa na umbo hili, na huu ni mfano tu:

```
5:25-cv-01234
```

Tarakimu ya mbele ni ofisi ya mahakama, na katika wilaya hiyo 3 ni San Francisco, 4 ni Oakland na 5 ni San Jose. 25 ni mwaka 2025, `cv` ni kesi ya madai, na mwisho ni namba ya jalada. Mtu akikutumia karatasi anayoiita hati ya mashtaka na haina namba ya namna hii, au ina namba ambayo PACER haiijui siku mbili baadaye, nina mashaka nayo sana.

Kuna pia baraza dogo la madai ya hakimiliki, lililo chini ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani na lililoanza kupokea madai Juni 2022, tovuti yake ni `ccb.gov`. Kwa mtu anayeishi Marekani, dai lililoanzishwa pale linaweza kuzuia video isirudi kama ilivyo kwa kesi ya mahakamani. Wewe halikuhusu, maana sheria iliyoliunda hairuhusu kumshtaki pale mtu anayeishi nje ya Marekani, labda yeye ndiye aliyeanzisha shauri. Mlalamikaji wako amebakiwa na mahakama ya kawaida, ambako kufungua faili peke yake ni dola 405 kabla ya kumlipa wakili hata senti. Na kama kazi anayodai ni ya Marekani, anatakiwa awe ameshaisajili ndipo afungue kesi. Mtu aliyenakili video yako akakulalamikia kwa video yako mwenyewe atakuwa na kazi ngumu kusimama mbele ya jaji na hadithi hiyo. Isitoshe, kifungu kilekile cha 512 kinamfanya awajibike kwa hasara ya anayedhurika, pamoja na gharama za wakili, iwapo alijua anadanganya kwenye malalamiko yake. Kujua huko ndiko kugumu kuthibitisha, kwa hiyo usilijenge jambo lako lote juu yake.

Wakati unangoja, kuna mambo matatu ya kujizuia. Usiifute video, kwa sababu kuifuta hakuondoi onyo, na pingamizi likishinda hakutakuwa na cha kurudisha. Usiipakie tena upya ukidhani unaokoa muda, maana nakala hiyo inaweza kulalamikiwa nayo na ukajikuta na onyo la pili. Wala usitume arifa nyingine ya kupinga kwa video ileile, haiharakishi chochote.

Nimeulizwa pia na wengine kama siku hizi 10 ndizo zile siku 30 wanazoziona kwenye madai ya Content ID. Sizo. Kule mfumo umetambua sauti au picha na kumruhusu mdai azuie video au achukue mapato, na mlolongo wake ni mzozo, kisha rufaa, ambako mdai ana siku 30 kujibu mzozo na siku 7 kujibu rufaa, siku za kalenda za kawaida. Arifa ya kupinga inakuja pale tu ambapo video imeondolewa kwa ombi rasmi la kisheria, kama yako.

Video ikirudi, usichukulie kwamba umepata hukumu. Kunyamaza kwa mlalamikaji kumefunga jalada la YouTube peke yake. Madai ya hakimiliki Marekani yana ukomo wa miaka mitatu, hivyo bado anaweza kufungua kesi mwezi ujao au mwakani. Kwa hiyo zile faili ghafi za kamera, zenye tarehe za kurekodiwa ndani yake, zihifadhi mahali pawili, pamoja na barua zote za YouTube za Novemba na nakala ya fomu yako. Kama una picha ya skrini inayoonyesha tarehe ambayo mlalamikaji aliipakia nakala yake, hiyo nayo ihifadhi sasa, kwa sababu anaweza kuiondoa.

Na kama tarehe 3 Desemba itapita kimya, usianze kupiga kelele tarehe 4 asubuhi. Ngoja mpaka Jumanne tarehe 9, ambayo ni siku ya 14 ya kazi hata ukihesabu kwa upole tangu arifa ilipopelekwa. Angalia ukurasa wa maelezo na folda ya barua taka. Kama hakuna taarifa ya kesi, jibu barua ileile ya tarehe 18 bila kubadilisha kichwa chake, ili ibaki kwenye jalada lako. Andika kwa ufupi: arifa ilipelekwa tarehe 18 Novemba, siku 14 za kazi zimetimia tarehe 9 Desemba, sijapokea taarifa ya kesi yoyote, naomba video irudishwe na onyo liondolewe. Weka kiungo cha video chini yake.